Nondo za dirisha kwenye chupa ya mafuta ya makonyo

Ukitaka kujua picha ya chupa imepigwa wapi, itazame chupa yenyewe kabla hujatazama kilicho nyuma yake. Kioo cha mviringo hubeba chumba kizima. Picha aliyonitumia shangazi yangu kutoka Wete, kisiwani Pemba, ilikuwa ya chupa moja ya kioo cha kahawia, mililita 30, yenye kizibo cheusi cha plastiki na lebo ya karatasi, ndani yake mafuta ya makonyo, yaani vikonyo vya karafuu. Upande wa kushoto wa kioo lilionekana dirisha la sebule yake, dogo lakini kamili, na nondo zake zote. Upande wa kulia kulikuwa na doa la manjano la taa ya umeme. Chini, wekundu wa kanga iliyotandikwa mezani ulikuwa umepanda hadi karibu na lebo, na katikati, kwenye kioo kilicho juu ya lebo, kulisimama umbo jembamba jeusi lenye mikono iliyoinuliwa: shangazi mwenyewe, na simu yake.

Picha ilitakiwa kwa bango la maonyesho, na chupa zote za mkupuo ule zilikuwa zimeshakwenda kwa wateja. Kupiga upya kungengoja mafuta mengine yapatikane. Kwa hiyo kazi ilikuwa kuichukua picha ileile ya simu na kuipa mwanga mwingine, mwanga wa studio.

Nimeona watu wengi wakianza kazi hii kwa kuongeza mwangaza wa picha nzima, kukoleza rangi, kisha kuikata bidhaa na kuiweka kwenye nyeupe tupu. Kinachotoka ni chupa ya sebuleni iliyobandikwa kwenye karatasi. Mtazamaji hawezi kueleza kasoro iko wapi, lakini anaiona. Anaona dirisha ndani ya kioo, anaona lebo yenye ubuluu upande mmoja na umanjano upande wa pili, anaona chupa isiyokalia kitu. Picha ya studio huaminika kwa sababu kila sehemu ya bidhaa inatoa ushahidi mmoja kuhusu taa: iko upande gani, ina ukubwa gani, ni ya rangi gani. Sehemu moja ikitoa ushahidi tofauti, macho hukataa picha yote.

Na chupa yenye lebo ni bidhaa ngumu kwa sababu ina vitu viwili visivyopokea mwanga kwa namna moja. Karatasi huutawanya mwanga pande zote, ndiyo maana weupe wa lebo haubadiliki sana ukisogeza kichwa. Kinachobadilika ni giza na nuru kulingana na namna karatasi ilivyojipinda kuielekea taa. Kioo hakitawanyi. Kioo hurudisha mwanga kwa pembe ileile uliyoingia nayo, kwa hiyo mng'ao unaouona juu yake ni sura ya chanzo cha mwanga, kikiwa kidogo na kilichobanwa na mviringo. Ukiwa na dirisha utaona dirisha. Ukiwa na taa ya studio iliyofunikwa kitambaa cheupe utaona ukanda mweupe uliosimama, wenye kingo safi. Lebo na kioo lazima zishughulikiwe mbalimbali, kwa mbinu mbili, huku zote mbili zikielekea taa moja unayoifikiria. Hilo ndilo nililolifanyia kazi jioni nzima, na ndilo ninalotaka kulieleza hapa.

Kwanza nilimpigia simu.

"Shikamoo shangazi. Picha imefika, lakini WhatsApp imeipunguza. Naomba uitume tena, ila safari hii bonyeza Document, uichague humo."

"Marahaba mwanangu. Kwani si ileile?"

"Kwa macho ni ileile, ila herufi ndogo za lebo zimeanza kuvurugika. Na nikuulize: karatasi ya lebo ni nyeupe kabisa, au ina umaziwa?"

"Nyeupe pe. Ile ya kuchapia barua."

Swali hilo la mwisho lina uzito kuliko linavyosikika, na nitalirudia. Faili kamili lilipofika nililifungua katika GIMP, programu ya bure ya kompyuta. Kabla ya kugusa chochote nilichukua kidonoa rangi, `Color Picker`, nikapima sehemu chache. Katika picha ya simu ya kawaida kila rangi ya msingi, nyekundu, kijani na buluu, huandikwa kwa namba kati ya 0 na 255. Sehemu iliyofika 255 kwa zote tatu imeungua. Hakuna kilichohifadhiwa hapo ila nyeupe, na hakuna programu itakayorudisha maandishi yaliyokuwapo. Lebo ya shangazi upande wa dirisha ilisoma 205, 214, 226. Upande wa taa ilisoma 188, 176, 150. Haikuungua popote. Dirisha lililo ndani ya kioo ndilo lililosoma 255 tatu, lakini hilo halikunisumbua, kwa sababu nilijua nitalifuta.

Kama ni lebo ndiyo iliyoungua, ningemwambia shangazi asubiri mkupuo mwingine. Vivyo hivyo kama picha ingepigwa nje kwenye jua la saa sita. Jua, likitazamwa kutoka hapa duniani, lina upana wa nusu digrii tu angani, kwa hiyo vivuli vyake vina kingo kali kama za wembe. Kivuli cha kizibo kikianguka juu ya lebo kwa ukali huo hukata herufi katikati, na kukitoa ni kuichora lebo upya. Mwanga wa dirishani, wa asubuhi, ndani ya nyumba, ni msingi mzuri: tayari ni chanzo kikubwa na tayari una upande.

Na upande huo nisingeubadilisha. Dirisha lilikuwa kushoto, mbele kidogo ya chupa, juu kidogo. Taa yangu ya studio nayo nikaiweka palepale: kushoto, mbele, juu. Hapo maumbile ya picha yananisaidia, kwa sababu upande wa kushoto wa lebo tayari una nuru zaidi, mistari ya kizibo tayari inang'aa kushoto, na mabega ya chupa tayari yana giza kulia. Anayetaka taa itoke kulia wakati dirisha lilikuwa kushoto atapigana na kila pikseli mpaka mwisho.

Nikabadili picha kuwa ya biti 16 kupitia `Image > Precision > 16-bit integer`. Sababu yake inajitokeza mwishoni, pale mandhari ya nyuma yenye mteremko laini wa kijivu inapoanza kuonyesha mistari kama ngazi. Namba 256 za kila rangi hazitoshi ukishazivuta mara kadhaa. Ukiwa na biti 16 ngazi hizo ni nyembamba mno kuonekana wakati unafanya kazi.

Kisha kukata. Nilitumia `Paths`, kifaa cha kuchora njia kwa vituo, badala ya kifaa cha kuchagua kwa rangi, kwa kuwa ukingo wa chupa ni mstari mmoja mrefu uliotulia, na njia yenye vituo vichache hutoa mstari uliotulia vilevile. Nikachora njia nne: chupa nzima, lebo, kizibo, na kioo kilichobaki juu na chini ya lebo. Kila moja nikaigeuza kuwa uchaguzi, nikaihifadhi kwa `Select > Save to Channel`. Hapa kuna mtego mmoja wa simu za siku hizi. Ukipiga kwa hali ya kutia ukungu nyuma, simu hukisia ukingo wa bidhaa uko wapi, na mara nyingi hukosea kwenye mabega ya kioo na kwenye kizibo: utaona ukingo umeyeyuka upande mmoja na upande wa pili uko mkali. Shangazi alipiga kwa hali ya kawaida, nikashukuru.

Sasa rangi. Tatizo la picha hii halikuwa rangi moja isiyo sahihi. Zilikuwa mbili, kila moja upande wake. Mwanga wa anga uliopita dirishani una ubuluu, wa taa una umanjano. Ukirekebisha picha nzima kwa kufuata upande wa kushoto, upande wa kulia unazidi kuwa wa chungwa. Ukifuata wa kulia, wa kushoto unakuwa buluu kama moshi. Dawa yake ni nakala mbili za picha, kila moja kwenye tabaka lake. Ya kwanza niliirekebisha kwa `Colors > Levels`, kwa kile kidonoa cha kijivu, nikigusa lebo upande wa kushoto. Ya pili nikagusa upande wa kulia. Tabaka la juu, hilo la pili, nikalipa maski, pazia ambalo nyeusi yake huficha tabaka na nyeupe yake hulionyesha, na kwenye maski nikavuta mteremko wa nyeusi kwenda nyeupe kutoka kushoto kwenda kulia, kuanzia pale ubuluu unapoanza kufa hadi pale umanjano unapotawala.

Lebo ndiyo iliyonipa kipimo, na ndiyo maana nilimuuliza shangazi kuhusu karatasi. Karatasi iliyozunguka chupa inaweza kufifia kadiri inavyojipinda, lakini karatasi ni moja, kwa hiyo rangi yake haitakiwi kubadilika. Baada ya kuvuta mteremko, kushoto ilisoma 214, 214, 213 na kulia 172, 172, 170. Namba zimeshuka, lakini zimeshuka zote pamoja. Kama lebo ingekuwa ya rangi ya maziwa, kuilazimisha iwe sawa namna hiyo kungekuwa kuidanganya, na mteja angepokea chupa asiyoijua. Kwa karatasi ya maziwa ningetafuta kitu kingine cheupe ndani ya picha, au ningemwomba shangazi apige karatasi ileile pembeni ya shuka nyeupe dirishani ili nipate tofauti yake.

Baada ya rangi kutulia, nikaanza kuifinyanga nuru ya lebo. Taa kubwa iliyo kushoto mbele hutoa nuru kali zaidi pale karatasi inapoielekea moja kwa moja, kiasi cha theluthi moja kutoka ukingo wa kushoto, kisha hushuka polepole kuelekea kulia na kushuka haraka kidogo kwenye ukingo wa kushoto kabisa. Nilitaka pale pakali pasome 236, na ukingo wa kulia upokee nusu ya mwanga huo. Hapa ndipo watu wengi wanaposhusha kupita kiasi. Nusu ya mwanga wa 236 haisomi 118. Namba za picha hazipandi sawasawa na mwanga halisi. Zimepangwa zifuate namna macho yanavyoona, kwa hiyo nusu ya mwanga wa 236 inasoma takriban 173, na robo yake inasoma kama 126. Ukiiteremsha kulia hadi 118 umeondoa zaidi ya robo tatu ya mwanga, na chupa itaonekana kama imesimama mlangoni mwa ghala.

Kulia kwangu tayari kulikuwa 172. Dirisha la Wete lilikuwa limefanya nusu ya kazi. Nilichohitaji ni kupandisha kushoto tu, na kuulainisha mteremko wa katikati ambapo taa ya umeme ilikuwa imeacha uvimbe wa nuru. Nilitengeneza nakala moja iliyopandishwa kwa `Curves` na nyingine iliyoshushwa, zote zikiwa na maski nyeusi, nikafungua nuru na giza kwa brashi kubwa laini yenye nguvu ya asilimia 10. Brashi iwe pana kuliko nusu ya lebo. Brashi ndogo huacha mawingu, na mawingu hayatoki kwenye taa yoyote. Kila baada ya mapito kadhaa nilipima herufi nyeusi za lebo: zisianze kupauka kuwa kijivu, kwa sababu wino mweusi wa karatasi isiyong'aa haubadiliki sana hata taa ikiongezwa.

Kisha kioo, na hapa sitaharakisha.

Cha kwanza ni kuiondolea chupa sebule yote. Dirisha na nondo zake, doa la manjano, umbo la shangazi na wekundu wa kanga vyote vinaondoka. Nondo na umbo nilizifuta kwa kunakili kioo cha jirani kilicho safi, nikifuata urefu wa chupa, juu na chini tu, kamwe si kwa mlalo, maana kioo cha mviringo hubadilika kila hatua unapokwenda pembeni lakini hufanana na chenyewe ukienda juu au chini. Wekundu wa kanga niliushughulikia kwa rangi peke yake: tabaka jipya katika hali ya `HSL Color`, nikadonoa kahawia kutoka kwenye kioo cha juu ya lebo na kuipaka chini. Giza na nuru zikabaki, rangi tu ikabadilika.

Baada ya usafi huo chupa huonekana mfu, nyeusi, kama imetengenezwa kwa lami. Ni hatua ya lazima, wala isikutishe. Sasa unaweza kujenga.

Katika studio mpigapicha huweka kitambaa cheupe au karatasi inayopitisha mwanga kati ya taa na chupa, na kioo huakisi karatasi hiyo nzima. Mviringo wa chupa hubana upana wake, kwa hiyo hata karatasi pana huonekana kama ukanda mwembamba uliosimama. Nilichora ukanda huo upande wa kushoto, upana wake kama sehemu ya nane ya upana wa chupa, ukiwa umeingia ndani kidogo kutoka ukingoni ili pabaki mstari wa kahawia iliyokolea nje yake. Mstari huo wa nje usiuache. Bila huo chupa hupoteza umbo lake dhidi ya nyuma nyeupe. Tabaka likawa katika hali ya `Screen`, rangi ya ukanda nyeupe iliyopungua kidogo, uwazi asilimia 65.

Kingo za ukanda hazifanani. Ule wa nje, unaoelekea ukingo wa chupa, uko mkali, kwa kuwa ndipo karatasi ya studio inapoishia. Wa ndani unafifia taratibu, kwa kuwa taa husogezwa karibu na upande mmoja wa karatasi na nuru kupungua kuelekea upande wa pili. Ukipiga ukungu kingo zote mbili sawa unapata mstari wa chaki. Nilipiga ukungu mdogo kwa ukanda mzima, kisha nikaufifisha upande wa ndani kwa mteremko kwenye maski.

Begani ukanda hauwezi kuendelea wima. Kioo kinapojikunja kuelekea shingo, mwakisiko unajikunja nacho, unakuwa mwembamba na kuishia kwa ncha. Ukikata ukanda kwa mstari ulionyooka pale begani, mtazamaji atajua umechorwa. Mimi nilifuata njia ileile niliyoichora kwa ajili ya kukata, nikaisogeza ndani, na mkunjo wake ukawa sahihi bila kubahatisha.

Na lebo? Ukanda haupiti juu yake. Karatasi isiyong'aa haiakisi taa kama kioo, kwa hiyo ukanda unaonekana kwenye kioo kilicho juu ya lebo, unakatika, kisha unaonekana tena chini yake, palepale kwenye mstari uleule kana kwamba umepita nyuma. Nimeona picha nyingi za bidhaa za hapa kwetu, za asali, za mafuta ya nazi, ambazo mng'ao mweupe umevutwa kutoka begani hadi chini, ukapita juu ya karatasi na kufunika jina la bidhaa. Karatasi hapo imegeuka kioo. Ni kosa dogo la dakika moja, na linaharibu kila kitu kilichofanywa kabla yake.

Upande wa kulia niliweka ukanda wa pili, mwembamba mara mbili zaidi, uwazi asilimia 25. Huo ni mwakisiko wa kadi nyeupe ambayo studioni husimamishwa upande usio na taa. Ulikuwa dhaifu makusudi, maana ukanda wa kulia ukilingana na wa kushoto unasema kuna taa mbili, ilhali lebo imeshasema kuna moja.

Kizibo nilikigusa kidogo sana. Kina mistari ya wima ya kushikia, na kila mstari una mng'ao wake mdogo. Ukikipaka ukanda mmoja mpana umekifanya laini, na kizibo laini si kile mteja atakachokifungua. Niliinua tu ile ming'ao iliyokuwapo upande wa kushoto na kuizima ya manjano iliyokuwa kulia.

Kilichobaki ndani ya kioo ni ule uhai wa kahawia, nuru inayopita ndani na kutokea mbele. Studioni huwekwa kadi ndogo nyuma ya chupa, iliyokatwa ili isionekane, irudishe mwanga kupitia kioo. Niliinua katikati ya kioo chini ya lebo kwa `Curves`, maski laini ya umbo la yai, kidogo tu. Hapa niliweka mpaka ambao siuvuki. Mafuta ya karafuu na makonyo huwa ya manjano hafifu na hukolea kadiri yanavyokaa, na chupa hii ya kahawia haionyeshi rangi hiyo. Ningeweza kukiangaza kioo mpaka mafuta yaonekane kama asali. Mnunuzi angenunua kitu ambacho hakimo ndani ya chupa. Mstari wa ujazo nao niliuacha ulipokuwa. Taa ni yangu kubadilisha. Bidhaa ni ya shangazi na ya mteja wake.

Nyuma niliweka kijivu chepesi, 245 juu kushoto kushuka hadi 225 chini kulia, kwa sababu nyeupe tupu ya 255 humeza ukingo wa karatasi na kuacha chupa ikielea. Ukuta wa sebule ulikuwa wa chokaa yenye ubuluu, na ubuluu huo ulikuwa umebaki kama uzi mwembamba kwenye ukingo wa chupa. Ukiangalia kwa ukubwa wa asilimia 100 huuoni. Kwa 200 unaonekana. Niliuingiza ukingo ndani kwa pikseli moja na nusu, ukatoweka.

Kivuli kinahitaji tabaka mbili. La kwanza ni lile giza jembamba linalogusa kitako, karibu jeusi, ukungu wa pikseli 6 kwa picha yenye chupa ya urefu wa pikseli 2000. Hilo ndilo linaloikalisha chupa. La pili ni kivuli chenyewe, kinacholala kulia na nyuma kidogo kwa kuwa taa iko kushoto mbele, na ukungu wake unaongezeka kadiri kinavyokwenda mbali na chupa. Mwisho wake nilifika pikseli 80. Kivuli chenye ukungu sawa mwanzo hadi mwisho hakitoki kwenye taa kubwa ya studio. Na kwa kuwa kioo hupitisha mwanga, katikati ya kivuli nilitia wekundu wa kahawia, hafifu, mahali ambapo nuru ingevuka chupa na kufika mezani. Kivuli cha kijivu kitupu ni cha kitu kisichopitisha mwanga, na chupa si kitu hicho.

Mwisho wa kazi niliipima kwa njia tatu. Niliigeuza picha kwa muda iwe nyeusi na nyeupe, nikaona lebo, kioo, kizibo na kivuli vyote vinaelekeza taa mahali pamoja. Niliipindua kulia-kushoto, kwa kuwa macho yaliyozoea picha huacha kuiona. Kisha nikaipunguza hadi ukubwa wa kidole gumba, jinsi itakavyoonekana kwenye simu ya mteja, na hapo nikagundua ukanda wa kushoto unang'aa kuliko jina la mafuta. Nikaushusha hadi asilimia 55. Mandhari ya nyuma ilikuwa laini kupita chupa, kwa sababu picha ya simu daima ina chembechembe, basi nikatia chembe kidogo kwa `RGB Noise` mpaka vikafanana. Nikahifadhi faili la XCF lenye matabaka yote, na nakala ya JPEG ya kumtumia, kwa Document.

"Mwanangu, hii ndiyo chupa yangu?"

"Ndiyo hiyohiyo, shangazi. Soma lebo."

Akaisoma yote, mpaka namba ya simu. Kisha akatuma picha mbili zaidi, ya mafuta ya mchaichai na ya mkaratusi, akitaka zote zikae kwenye bango moja. Ya mkaratusi ina dirisha kushoto, hiyo inafanyika: ukanda, kadi na kivuli nitavitoa kwenye faili la kwanza, nivinyooshe vifuate chupa yake iliyo ndefu kidogo. Ya mchaichai alipiga akiwa amekaa upande wa pili wa meza, dirisha likawa kulia. Siwezi kuipindua, herufi za lebo zitasomeka kinyume. Kukata lebo peke yake, kupindua chupa na kurudisha lebo inawezekana, lakini lebo itabaki na nuru yake kulia juu ya chupa yenye taa kushoto. Chupa za mchaichai bado ziko kabatini kwake. Nimemwomba aisimamishe moja palepale ilipokuwa ya makonyo, azime taa ya umeme, atandike karatasi nyeupe badala ya kanga, na anyooshe mkono wa simu mbali na mwili wake kabla ya kubonyeza.